Kodi ya 500 au rejesho la 864: ninunue nyumba sasa?

Mpendwa mshauri,

Nina miaka 28. Nimeajiriwa kwa mkataba wa miaka 2, ambao umeshaongezwa mara moja. Mshahara wangu baada ya makato ni 2,400 kwa mwezi (naandika tarakimu tupu bila jina la fedha, sitaki mtu anitambue kwa hesabu zangu). Nimepanga nyumba ya vyumba viwili kwa 500. Nyumba pacha na hii ninayokaa, ukuta kwa ukuta, inauzwa 120,000. Benki imekubali kunikopesha 96,000 kwa miaka 20, riba ya asilimia 9 kwa mwaka, rejesho 864 kila mwezi. Kianzio ni 24,000, na akiba yangu yote ni 30,000, niliyoikusanya kwa miaka 6.

Kaka yangu mkubwa anasema kodi ninayolipa ni maji ninayomwaga mchangani, kwamba kila mwezi namjengea mtu mwingine. Dalali anapiga simu kila baada ya siku mbili. Wenzangu watatu ofisini wameshanunua. Naogopa bei itanikimbia nisiifikie tena, lakini nikikaa na kalamu usiku, moyo unasita. Ninunue au niendelee kupanga? Tafadhali nipe jibu moja, usiniambie "inategemea".

Mpangaji anayesita

*

Mdogo wangu,

Jibu ni moja: panga. Usisaini mkopo huo sasa. Endelea kupanga kwa miaka 3, kwa sharti moja gumu ambalo nitalifikia, kisha urudi sokoni.

Kwa kuwa kaka yako hatakubali neno langu tupu, ngoja tuhesabu. Nilikaa miaka kadhaa upande wa pili wa meza ya mikopo, nikiwaangalia vijana wa umri wako wakisaini, na karibu wote walikuja na hesabu moja kichwani: kodi ni kiasi gani, rejesho ni kiasi gani, tofauti naimudu au siimudu. Hesabu hiyo ina kasoro mbili. Inachukulia kodi yote kuwa hasara na rejesho lote kuwa akiba.

Mwombe ofisa wa benki akuchapishie jedwali la marejesho, ile karatasi ndefu inayoonyesha kila mwezi pesa yako inakwenda wapi. Usiridhike na rejesho la jumla analokutajia mdomoni. Kwenye mstari wa kwanza utaona hivi: kati ya 864 utakazolipa, 720 ni riba na 144 tu ndizo zinazopunguza deni. Hakuna ujanja hapo. Asilimia 9 ya 96,000 ni 8,640 kwa mwaka, ukigawa kwa miezi 12 unapata 720. Mwezi unaofuata riba inashuka kidogo, punguzo la deni linapanda kidogo, na mwendo ni huo huo, pole pole mno. Mpaka ufike mahali ambapo nusu ya rejesho inapunguza deni, utakuwa umelipa kwa zaidi ya miaka 12.

Sasa ongeza vitu ambavyo mpangaji havimhusu. Paa, mabomba, rangi, pampu, nyaya: kwa nyumba ya kawaida mimi huweka asilimia 1 ya bei kwa mwaka, yaani 100 kwa mwezi hapa kwako. Kuna mwaka hutatumia hata senti, na kuna mwaka utatumia ya miaka mitatu kwa mkupuo. Kodi ya majengo na bima ya nyumba, ambayo benki itakulazimisha uwe nayo, nakadiria kwa pamoja 50 kwa mwezi. Kwa hiyo gharama halisi ya kukaa kwenye nyumba yako ni 864 na 150, jumla 1,014.

Tenga sasa pesa isiyorudi. Mpangaji anapoteza 500 kwa mwezi. Mnunuzi, mwezi wa kwanza, anapoteza riba ya 720 pamoja na zile 150, jumla 870. Mwambie kaka yako kwamba maji yanamwagika mchangani pande zote mbili, na ndoo ya mnunuzi ni kubwa zaidi. Kodi unamlipa mwenye nyumba kwa kutumia nyumba yake, riba unailipa benki kwa kutumia pesa yake. Yote mawili ni pango.

Atakujibu kwamba nyumba inapanda thamani. Ni kweli, na hilo ndilo tumaini lote la mnunuzi, kwa hiyo tulipe nafasi yake kwa haki. Tuseme bei za nyumba zinapanda asilimia 4 kila mwaka, na kodi nayo inapanda asilimia 4. Tuseme pesa uliyoiweka mahali salama, kama hati fungani za serikali au akaunti ya muda maalumu, inakupa asilimia 6 kwa mwaka, inayohesabiwa mara moja tu, juu ya salio la mwanzo wa mwaka. Gharama za kununua, yaani wakili, ushuru wa hati, mthamini na ada za benki, tuziweke asilimia 5 ya bei. Gharama za kuuza asilimia 4. Hayo ni makadirio yangu. Ukipata tarakimu za kweli kutoka kwa wakili na benki yako, weka zako.

Kabla hatujaenda mbali, ona kilichokwisha kutokea. Asilimia 5 ya 120,000 ni 6,000. Kianzio cha 24,000 na ada za 6,000 ni 30,000 kamili. Siku unapokabidhiwa funguo, akaunti yako inasoma sifuri. Najua ladha ya siku hiyo. Nilinunua nikiwa na miaka 29, nikapiga picha mlangoni, na wiki ya tatu pampu ya maji ikaungua. Niliitengeneza kwa mkopo wa mshahara wenye riba karibu mara mbili ya ule wa nyumba, na mkopo huo mdogo ulinisumbua kuliko ule mkubwa.

Haya, twende miaka 5 mbele. Umenunua, umelipa kila mwezi bila kukosa, sasa unauza. Nyumba imefika karibu 146,000. Ukitoa gharama za kuuza zinabaki kama 140,000. Deni la benki bado ni 85,000 na kitu, kwa sababu katika miaka 5 umelipa karibu 52,000 na ni 11,000 pekee ndizo zilizopunguza deni. Mkononi unabaki na 55,000. Uliingia na 30,000, umetoka na 55,000. Dalali akikuonyesha hilo tu utashangilia.

Sasa mfuate yule mwenzako aliyebaki kupanga. Ana zile zile 30,000, na kwa miaka 5 ya asilimia 6 zimekuwa 40,000. Kila mwezi, mnunuzi alikuwa akitoa 1,014 na yeye akitoa kodi. Mwaka wa kwanza tofauti yao ni 514 kwa mwezi. Kodi inapanda, tofauti inapungua, na mwaka wa tano imebaki 429. Akiweka tofauti hiyo kila mwezi, bila kuruka, mwisho wa miaka 5 ina thamani ya karibu 32,000. Jumla ana 72,000. Kamzidi mnunuzi kwa 17,000, na hajawahi kupanda darini kuziba paa.

Hapa ndipo penye lile sharti, na ndipo wapangaji wengi wanapoanguka.

Nimesema "akiweka". Rudia hesabu ukidhani anaweka nusu tu ya tofauti: anafika kama 56,000, yaani yeye na mnunuzi wako sare. Sasa dhani haweki kitu, zile 514 zinayeyuka kwenye simu mpya na safari za mwisho wa wiki: anabaki na 40,000, na mnunuzi aliyelipa riba yote ile anamwacha nyuma kwa 15,000. Nyumba ile ile, kodi ile ile, miaka ile ile. Kilichobadilika ni mahali pesa ya ziada ilipokwenda. Watu wanaosema nyumba iliwaokoa kwa kawaida wanasema kweli, ila kilichowaokoa ni kulazimishwa kulipa. Benki haikubali udhuru wa mwezi huu mambo mabaya.

Kwa hiyo sharti lako ni hili: siku mshahara unapoingia, siku hiyo hiyo 500 ziondoke zenyewe kwa agizo la kudumu, ziende kwenye akaunti ambayo huna kadi yake. Kwa mshahara wako, kodi 500 na akiba 500 zinakuachia 1,400 za kuishi. Ukinunua, baada ya zile 1,014 utabakiwa na kama hizo hizo. Ndiyo maana naziita jaribio. Kama miezi 6 ya kuweka 500 inakushinda, rejesho la 864 lingekushinda pia, tofauti ni kwamba safari hii hakuna atakayeipiga mnada nyumba yako.

Nije kwenye mkataba wako, maana umeutaja kama jambo la kupita, nami naona ndilo linaloamua. Unaajiriwa kwa miaka miwili miwili. Tuseme mkataba haukuongezwa, au kazi nzuri zaidi imetokea mbali, na unalazimika kuuza baada ya miaka 2. Bei ikiwa imepanda asilimia 4 kila mwaka kama tulivyotarajia, ukishalipa deni na gharama za kuuza unatoka na kama 32,000. Mpangaji aliyeweka akiba ana 46,000. Na kama bei haikusogea kabisa miaka hiyo miwili, unatoka na 23,000, yaani umekula 7,000 za akiba yako ya miaka 6, mbali na marejesho yote uliyolipa. Ada za kuingia na kutoka ndizo zinazouma hapa, kwa sababu zinalipwa mara moja na zinahitaji miaka mingi kufidiwa. Mpangaji anayehama analipa gari la mizigo, basi.

Kuna swali ambalo hukuniandikia, nami nakuomba ulipeleke benki kesho: riba hiyo ya 9 imefungwa kwa miaka 20, au inabadilika? Mikopo mingi ya nyumba ina riba inayopanda na kushuka na soko, hata kama miaka ya mwanzo imefungwa. Soma kipengele cha riba kwenye barua ya mkopo, usitegemee maelezo ya mdomo. Ikipanda kutoka asilimia 9 kwenda 12 mapema, rejesho lako linatoka 864 na kuwa 1,057. Ukijumlisha zile 150, nusu ya mshahara wako imekwenda kabla hujanunua chakula. Nimewaona waliofika hapo. Wengi hawakunyang'anywa nyumba. Waliomba benki irefushe mkopo, wakatoka miaka 20 wakaingia 27, rejesho likatulia na riba ya jumla ikavimba.

Na ile hofu ya bei kukukimbia? Ni hofu ya haki, siicheki. Tuipime. Ukipanga miaka 3 kwa makadirio yale yale, nyumba inatoka 120,000 na kufika 135,000. Imekukimbia kwa 15,000. Akiba yako, ukiweka tofauti yote, inatoka 30,000 na kufika karibu 54,600. Umesogea kwa zaidi ya 24,000. Siku hiyo unaweza kuweka kianzio cha robo nzima, kama 33,750, ukalipa ada za 6,750, na bado ukabakiwa na 14,000, ambazo ni karibu miezi 6 ya mshahara wako wa leo. Rejesho litakuwa kama 911. Ndiyo, ni kubwa kuliko 864 za leo, sikufichi. Lakini utakuwa unalilipa ukiwa na akiba nyuma yako na, natumaini, mshahara uliopanda kidogo, badala ya kulipa 864 ukiwa na mfuko mtupu. Bei za eneo lako zikipanda asilimia 8 kwa mwaka badala ya 4, nyumba itafika 151,000 na picha itakuwa ngumu zaidi. Hilo linatokea, na anayesubiri anakuwa amelipia kusubiri kwake. Nami bado ningekwambia usubiri, kwa sababu mkataba wa miaka 2 na akaunti ya sifuri ni hatari ambayo kupanda kwa bei hakuiondoi. Nyumba inayopanda thamani haikusaidii kulipa rejesho la mwezi huu kama kazi imekatika.

Umenikataza neno "inategemea", na nimelikwepa mpaka hapa. Niruhusu mara moja, kwa sababu kuna mtu mwingine anayesoma barua hii ambaye tarakimu zake ni tofauti na zako. Chukua bei ya nyumba, gawanya kwa kodi ya mwaka mzima ya nyumba kama hiyo hiyo. Kwako ni 120,000 kwa 6,000, jibu 20: ungeweza kukaa miaka 20 kwa bei ya kuinunua. Hiyo ni nyumba ghali ikilinganishwa na kodi yake, na ndiyo sababu kupanga kunashinda. Sasa nyumba ile ile ingekuwa inapangishwa kwa 800, mgawanyo ungekuwa 12 na nusu. Nimerudia hesabu ya miaka 5 kwa kodi hiyo: hata mpangaji mwenye nidhamu anafika 50,000 na kitu, wakati mnunuzi ana 55,000. Hapo ningekwambia nunua, mradi kazi ni ya kudumu. Kwa kodi ya 700 mambo yanakaribia sana, mpangaji anaongoza kwa 2,700 hivi, na kiasi hicho ningemwachia mtu aamue kwa raha ya moyo wake. Mpaka wenyewe, kwa riba kama hii yako, uko kati ya 13 na 14. Riba ikiwa ndogo mpaka unapanda, ikiwa kubwa unashuka. Linganisha vyumba na vyumba, mtaa na mtaa. Dalali hupenda kulinganisha kodi ya chumba kimoja na rejesho la nyumba ya vitatu, au kinyume chake, kutegemea anauza nini siku hiyo.

Kaka yako atauliza: na miaka 20 je, mnunuzi si anabaki na nyumba? Anabaki nayo, na hapo ana hoja. Katika mwaka wa 10 mpangaji anayeweka tofauti yote bado anaongoza kwa kama 18,600. Baada ya hapo kodi inazidi kupanda wakati rejesho limesimama palepale, pengo linafungwa, na karibu na mwaka wa 18 mnunuzi anampita. Kisha rejesho linakwisha, kodi haiishi. Kwa mtu atakayekaa mahali pamoja miaka 20 na zaidi, kununua kunashinda. Swali ni kama mtu huyo ni wewe wa leo, mwenye miaka 28 na mkataba unaokwisha mwakani au mwaka unaofuata.

Basi, hukumu yangu. Mpigie dalali umwambie hapana, asikupigie tena. Panga hapo hapo kwa miaka 3, na mwenye nyumba mwandikishane ongezeko la kodi, ili lisikushtue. Weka agizo la 500 kabla ya mshahara ujao. Utarudi benki mambo matatu yakitimia pamoja: una ajira ya kudumu, au mkataba unaokuvusha miaka 5; baada ya kianzio na ada unabakiwa na miezi 6 ya matumizi; na mgawanyo wa bei kwa kodi umeshuka karibu na 14, au una uhakika hutahama kwa miaka 20. Mawili yakitimia na moja halijatimia, panga mwaka mwingine.

Na ukiwa benki kesho kuuliza habari ya riba, waulize pia adhabu ya kulipa deni mapema ni asilimia ngapi. Niandikie majibu yote mawili.